Muhtasari wa WhatsApp Bado Sio Slaidi

Kuna kazi moja watu wengi hapa Kiminini wanadhani ni kopi-pesti tu. Mtu anakutumia muhtasari wa maneno matupu kwenye WhatsApp, anasema, "Kijana, niwekee hizi kwa slaidi," na anangoja ndani ya dakika 10 ikuwe imeisha. Sasa, kuandika yenyewe ni dakika 10 kweli. Lakini kuna dakika 20 za mbele ambazo hakuna mtu anaziona, na hizo ndizo zinaamua kama slaidi zako zitakusaidia ama zitakuaibisha mbele ya watu.

Mimi huzigeuza kwanza kuwa Markdown, kila slaidi na sehemu yake, kila hoja na doti yake, halafu programu inayoitwa Pandoc inatoa faili ya PowerPoint. Nitaeleza vile nafanya, na kwa nini nina maoni makali kidogo kuhusu kazi hii.

Markdown ni njia ya kuandika iliyotolewa mwaka wa 2004 na John Gruber. Wazo lake lilikuwa kwamba maandishi yasomeke vizuri hata kabla mashine haijayapamba. Ukiweka alama ya reli mbele ya mstari, hicho ni kichwa. Ukiweka kistari na spesi, hiyo ni doti. Basi. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sababu inafaa kazi ya huku kwetu: naweza kumrudishia mwenye muhtasari faili ileile kwa WhatsApp, aisome kwa simu yake ndogo, aniambie "hapa umekosea", bila kufungua PowerPoint. WhatsApp haielewi `##`, inaonyesha tu reli mbili, lakini mtu yeyote anaelewa kwamba hapo slaidi mpya imeanza.

Wacha nitumie mfano wa mama mmoja ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mahindi huku. Huku Trans Nzoia mahindi yakianza kutoka shambani, Oktoba, Novemba hivi, kila mtu anatafuta mnunuzi. Kikundi chao kilikuwa kimepata nafasi ya kuongea na mnunuzi mmoja, wakamwandalia slaidi. Mama aliandika muhtasari wake kwa simu, usiku, baada ya kazi zote, akaupeleka kwa saiba fulani wamtengenezee.

Ndani ya ule muhtasari kulikuwa na mstari umewekwa kwenye mabano. Ulikuwa unamkumbusha yeye na katibu wake kwamba mnunuzi akibana sana, washuke mpaka bei fulani, wasipite hapo. Yule aliyechapa akaona mstari, akaufanya doti. Siku ya mkutano slaidi ya bei ikafunguka ukutani, na doti ya mwisho ikawa ni bei yao ya mwisho, kubwa, nyeusi, juu ya karatasi nyeupe. Mama aliniambia mnunuzi hata hakubishana. Alisoma, akatabasamu, akaanza mazungumzo kutoka hiyo bei.

Sasa hiyo si shida ya kompyuta. Programu ilifanya kazi yake. Shida ni kwamba muhtasari wa maneno matupu una mistari ya aina tatu ambayo yote inafanana, na mtu lazima aitofautishe kabla ya kugusa kibodi. Kuna mistari ambayo ni vichwa vya slaidi. Kuna mistari ambayo ni hoja za kuonyeshwa. Na kuna mistari ambayo mwenyewe alijiandikia, ya kusema kwa mdomo ama ya kukumbuka, ambayo hadhira haifai kuiona. Mwandishi anajua ni ipi. Wewe unakisia. Kwa hivyo hatua yangu ya kwanza huwa ni kusoma muhtasari wote mara moja bila kuandika chochote, na kila mstari nikiwa na shaka nao, namuuliza mwenyewe.

Mama alipokuja kwangu alikuwa amepata nafasi nyingine na mnunuzi mwingine. Hiki hapa ni kipande cha alichonitumia, vile kilivyotoka baada ya kukopi meseji zake mbili pamoja:

```
[6/11, 20:14] Mwenyekiti: *Kukausha*
• Turubai, jua siku 3 mpaka 5
   – sio juu ya udongo
• Unyevu *usizidi* 13.5%
• Yakiwa na unyevu, hatufungi gunia
(wakiuliza mashine, tunaazima)
[6/11, 20:19] Mwenyekiti: *Kuhifadhi*
Tunatumia:
• mifuko isiyopitisha hewa
```

Angalia vizuri. Ukikopi meseji moja pekee, unapata maneno tu. Ukichagua mbili ama zaidi, WhatsApp inakuwekea tarehe, saa na jina la mtu mbele ya kila meseji. Hizo zinatoka zote. Lakini usizifute haraka, kwa sababu zina habari: pale meseji mpya imeanza, mara nyingi ndipo pia slaidi mpya imeanza katika kichwa cha mwandishi. Mimi huzitumia kama alama za mipaka kwanza, halafu ndio nazifuta.

Halafu kuna nyota. Kwa WhatsApp, neno likiwa kati ya nyota moja na moja linakuwa nzito. Kwa Markdown, nyota moja inalaza herufi, na ukitaka neno nzito unaweka mbili kila upande. Sasa mama ametumia nyota kwa kazi mbili tofauti. Mstari mzima ukiwa kwenye nyota, kama `*Kukausha*`, hicho ni kichwa. Neno moja ndani ya hoja likiwa kwenye nyota, kama `*usizidi*`, hiyo ni kukazia tu. Ukimwambia kompyuta "badilisha nyota zote kuwa vichwa", utapata slaidi nzima inayoitwa "usizidi". Ukimwambia "futa nyota zote", umemnyima mama mkazo wake, na hilo neno ndilo mnunuzi anafaa kuliona, juu mahindi ya unyevu wa zaidi ya 13.5% ndiyo yanayokataliwa ama kukatwa bei yakifika kwa kipimo.

Baada ya kuamua, hiki ndicho nilichoandika:

```
## Kukausha

- Turubai, jua siku 3 mpaka 5
    - sio juu ya udongo
- Unyevu **usizidi** 13.5%
- Yakiwa na unyevu, hatufungi gunia

::: notes
wakiuliza mashine, tunaazima
:::

## Kuhifadhi

Tunatumia:

- mifuko isiyopitisha hewa
```

Maneno ya mama hayajaguswa hata moja. Hapo ndipo maoni yangu ni makali. Ukipewa muhtasari ugeuze, umepewa ugeuze umbo. Hukuombwa uongeze "Utangulizi" na "Hitimisho", hukuombwa ubadilishe "hatufungi gunia" iwe "uhifadhi usiofaa huepukwa". Yule mama atasimama mbele ya watu aseme maneno yake, na akiangalia ukutani akute maneno ya mtu mwingine, anababaika. Nimeona wazee wakisoma slaidi yao kama barua ya mgeni.

Kuna ile hoja ya nne, "Yakiwa na unyevu, hatufungi gunia". Watu wana mazoea ya kukata kila pahali penye koma ili doti zikuwe fupi. Kwa Kiswahili hiyo ni hatari kabisa. Koma yetu mara nyingi inashikanisha sharti na matokeo: "yakiwa hivi, tunafanya vile". Ukikata hapo unapata doti mbili, moja inasema "Yakiwa na unyevu" na nyingine inasema "Hatufungi gunia". Mtu akisoma ya pili peke yake anaelewa kikundi hiki hakifungi magunia kamwe. Mimi hukata penye nukta ama nukta-mkato, na hata hapo nasoma kila kipande peke yake kwa sauti. Kama hakisimami, nakirudisha.

Kwa njia, mama hana mashine ya kupima unyevu, ndio maana ya ule mstari wa kuazima. Wao hutumia njia ya chumvi: chupa kavu, chumvi kavu, punje za mahindi, unatikisa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya 15% hivi, rudisha kwa turubai. Isiposhika, bado hujafika kwa 13.5 kwa uhakika, na hapo ndipo mashine inahitajika. Nilimuuliza kwa nini hilo haliko kwa slaidi. Akaniambia, "Hiyo nitawaonyesha na chupa yenyewe, mwanangu." Sikuongeza.

Turudi kwa alama. Hizo `::: notes` na `:::` ni za Pandoc. Kila kilicho katikati yake kinaingia kwenye maelezo ya msemaji, yale yanayoonekana kwa laptopu ya anayewasilisha na hayaonekani ukutani. Hapo ndipo mistari ya mabano inaenda. Lakini sikiza: bado iko ndani ya faili. Ukimtumia mnunuzi ile faili ya `.pptx` baada ya mkutano, anaifungua, anashuka chini ya slaidi, anasoma kila kitu. Kuhusu mashine ya kuazima sawa, hakuna siri hapo. Lakini ile bei ya mwisho haifai hata huko. Niliitoa kabisa, nikamwandikia mama kwa karatasi, akaiweka kwa mkoba. Kuna watu wanaificha kwa `<!-- -->`, na kweli Pandoc ikitoa PowerPoint inaiacha nje, lakini ukitoa ukurasa wa wavuti kutoka faili ileile, maneno yanabaki ndani, mtu akifungua chanzo cha ukurasa anayaona. Siri ya bei haina makao kwenye slaidi.

Angalia pia nimeacha mstari mtupu baada ya "Tunatumia:". Hiyo sio urembo. Pandoc ikikuta mstari wa kawaida halafu mara moja chini yake kistari, bila nafasi katikati, inadhani ni aya moja inayoendelea. Utapata ukutani "Tunatumia: - mifuko isiyopitisha hewa" kwa mstari mmoja, na vistari vyote vimemezwa katikati ya maneno. Programu zingine za Markdown haziko kali hivyo, zinakubali doti zianze hapohapo, na ndio maana mtu anaona faili yake iko sawa kwa programu moja na imeharibika kwa nyingine. Weka mstari mtupu kabla ya doti za kwanza, na kabla ya kila kichwa. Haigharimu kitu, na inafanya kazi kote.

Ile doti ndogo ya "sio juu ya udongo" nimeisogeza spesi 4. Pandoc ya siku hizi inakubali hata 2, lakini kuna programu zinazotaka 4 ndio zielewe kwamba hoja iko chini ya nyingine. Ukiweka 4 unakuwa salama pande zote. Na usisahau kuuliza kama ile hoja ndogo kweli ni ndogo. Kwa simu, mtu anasogeza mstari kwa sababu kidole kiliteleza, sio kwa sababu ya maana. Hapa maana iko: udongo unahusu turubai.

Kubadilisha alama za doti zenyewe sio lazima kwa mkono. Kama muhtasari ni mrefu, unaweza kutumia amri moja:

```
sed -E 's/^( *)(•|–) */\1- /' mahindi.txt > mahindi.md
```

Inachukua kila mstari unaoanza na ile doti nyeusi ama kistari kirefu, inaweka kistari cha kawaida na spesi, na inaacha nafasi za mwanzo vile zilivyo. Inafanya hiyo pekee. Vichwa inakuachia wewe, na ni vizuri, kwa sababu vichwa ndivyo vinahitaji akili ya mtu.

Kama muhtasari umetoka Word badala ya WhatsApp, kuna mtego wa ajabu. Wakati mwingine spesi iliyo baada ya doti sio spesi ya kawaida, ni ile isiyokatika. Kwa macho huwezi kuitambua. Utaona faili imenyooka kabisa, kila kitu kiko sawa, lakini ukitoa slaidi, mstari mmoja unakataa kuwa doti, unabaki na kistari chake. Ukiona hivyo, usitafute mbali. Futa ile spesi, andika nyingine kwa kibodi, na itakubali.

Sasa, slaidi iliyonipa kazi zaidi kwa muhtasari wa mama haikuwa ya bei. Ilikuwa ya historia ya kikundi. Aliandika hivi:

```
2021. Tulianza
2022. Turubai za kwanza
2024. Ghala ndogo
```

Ni mistari mitatu, rahisi kabisa, ama sivyo? Kwa Markdown, namba ikifuatwa na nukta na spesi mwanzoni mwa mstari ni orodha ya kuhesabu. Na orodha ya kuhesabu ina tabia yake: inaangalia namba ya kwanza tu, halafu inaendelea yenyewe, moja moja. Kwa hivyo ukiacha vile ilivyo, ukutani utaona 2021, 2022, 2023. Ghala imejengwa mwaka mmoja kabla ya kujengwa! Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna rangi nyekundu, hakuna kitu kitakuambia. Na mnunuzi akiuliza stakabadhi ya ghala, itasema 2024, na slaidi inasema 2023. Mtu wa nje atafikiria nini?

Dawa ni mkwaju wa kurudi nyuma kabla ya nukta, ambao unaambia Markdown kwamba hiyo nukta ni nukta tu:

```
- 2021\. Tulianza
- 2022\. Turubai za kwanza
- 2024\. Ghala ndogo
```

Ule mkwaju hauonekani kwenye slaidi. Miaka inabaki vile mama aliiandika. Kila nikipata muhtasari wenye miaka ama namba mwanzoni mwa mstari, hapo ndipo naangalia kwanza. 13.5% haina shida, kwa sababu baada ya nukta hakuna spesi.

Nikuambie pia kuhusu kichwa cha kwanza, kwa sababu kuna kijana mmoja wa huku alinitumia faili yake akiwa amechoka kabisa. Alikuwa na slaidi 12 kwenye Markdown, zote ziko sawa, kila moja na `##` yake. Akiipitisha kwa Pandoc, anapata slaidi moja. Moja tu, imejaa maneno mpaka yanamwagika nje chini. Faili yake ilianza kwa muundo huu, nimeweka tu maneno ya mama:

```
# Mahindi yetu
Kikundi cha wakulima 32, Kiminini

## Kukausha
```

Kosa limejificha kwa mstari wa pili. Pandoc haijui ni ngazi gani ya vichwa unataka iwe slaidi, kwa hivyo inakisia. Inatafuta ngazi ya juu zaidi ambayo mahali popote kwenye faili ina maneno moja kwa moja chini yake, sio kichwa kingine. Hapa `#` ina maneno chini yake. Basi inasema, kumbe slaidi ni `#`. Na `##` zote 12 zinakuwa vichwa vidogo ndani ya slaidi moja. Kila kitu unachokiona kiko sawa, isipokuwa ule mstari mmoja wa juu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiambia waziwazi, kwa kuongeza `--slide-level=2` kwenye amri. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kutoa jina la wasilisho nje ya vichwa kabisa na kuliweka juu ya faili:

```
---
title: Mahindi yetu
subtitle: Kikundi cha wakulima 32, Kiminini
---
```

Pandoc inatengeneza slaidi ya jina kutoka hapo. Jina likiwa na nukta mbili ndani yake, lifunge kwenye alama za kunukuu, la sivyo itakataa kusoma. Halafu unaandika:

```
pandoc mahindi.md -o mahindi.pptx
```

Kabla sijamtumia mtu faili, nahesabu. Sio kwa kuamini, kwa kuhesabu. Muhtasari wa mama ulikuwa na slaidi 9. Nilihesabu kwa kidole kwenye simu yake, tukiwa naye. Halafu kwa kompyuta:

```
grep -c '^## ' mahindi.md
grep -cE '^ *- ' mahindi.md
```

Ya kwanza ilisema 8. Hiyo ni sawa, kwa sababu ya tisa ni ile ya jina iliyo juu, haina `##`. Ya pili ilisema 27. Kwenye simu tulikuwa tumehesabu doti 24, na hapo mama akaniangalia vibaya. Lakini zile 3 za zaidi ni miaka, ambayo kwake haikuwa na doti mwanzoni, mimi ndiye niliyeiwekea. Namba zikipishana, lazima uweze kusema kwa nini, na useme kwa kila mstari. Ukishindwa kueleza hata mmoja, kuna mstari umepotea ama umezaliwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa na uwezo nalo. Slaidi ya saba, ya "Kuhifadhi", ilikuwa na doti 9. Pandoc haigawi slaidi ya PowerPoint kwa niaba yako. Maneno yakizidi, yanamwagika chini ya ukingo, na projekta inaonyesha nusu. Ningeweza kuigawa mara mbili, lakini basi zingekuwa slaidi 10, na mama alikuwa ameshajipanga katika akili yake kwa 9, pamoja na nani atasema nini wapi. Nilimwonyesha pale maneno yanapoishia. Akachukua simu, akafikiria kidogo, akasema tuigawe, lakini ya pili iitwe "Kuhifadhi (2)" ili katibu asidhani ni yake. Nikaongeza `##` moja, nikahesabu tena. Ikasema 9, na ile ya jina, 10. Doti bado 27.